Mashine ya miaka 3 au ya miaka 8? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gharama sawia ya mwaka

Maswali haya yote yanajibiwa kwa mfano mmoja, kwa sababu hesabu hii haieleweki mpaka uione ikitembea na fedha halisi. Mfano wenyewe ni wa mashine ya kusaga mahindi inayotumia mota ya umeme, ya aina unayoikuta kila penye soko la nafaka. Mwenye mashine anasaga kama magunia 3,500 ya kilo 100 kwa mwaka, na amepelekewa bei mbili.

Ya kwanza tuiite Nyepesi. Inauzwa shilingi 3,000,000, itadumu miaka 3, na kuiendesha kutamgharimu shilingi 1,300,000 kila mwaka. Ya pili tuiite Nzito. Bei yake ni shilingi 7,000,000, inadumu miaka 8, na kuiendesha ni shilingi 900,000 kwa mwaka. Zote mbili zinasaga unga wa ubora uleule na zinamaliza magunia yaleyale. Bei ni za mfano, kwa hiyo weka za kwako utakapofika kwenye daftari lako.

Gharama sawia ya mwaka ni nini hasa?

Ni kodi ya mashine. Fikiria kwamba hununui mashine yoyote, bali unakodi kwa mtu anayekuwekea mashine bandani, nawe unamlipa kiasi kilekile kila mwisho wa mwaka. Kiasi hicho kinapaswa kumrudishia bei aliyonunulia, kumlipa riba ya fedha alizofungia humo, na kugharamia uendeshaji. Kodi ya chini kabisa anayoweza kukutoza bila kupata hasara ndiyo gharama sawia ya mwaka ya mashine hiyo.

Ukishageuza mashine zote mbili kuwa kodi ya mwaka, umri hauwi tena kikwazo, maana mwaka mmoja wa Nyepesi unalingana na mwaka mmoja wa Nzito. Katika vitabu vya uhasibu utaikuta ikifupishwa EAC, kutoka Kiingereza equivalent annual cost, herufi zilezile za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hapo ndipo uhusiano wao unapoishia.

Kwa nini nisijumlishe gharama zote za kila mashine na kuchukua iliyo ndogo?

Wengi huanza hivyo, na hata mtu anayejua kurudisha fedha za baadaye kwenye thamani ya leo hunaswa hapa. Tukitumia riba ya asilimia 18 kwa mwaka, gharama zote za Nyepesi kwa miaka yake 3, zikiwekwa kwenye thamani ya leo, ni shilingi 5,826,555. Za Nzito kwa miaka yake 8 ni shilingi 10,669,809. Mtu anatazama, anaona Nyepesi ni karibu nusu, ananunua.

Alicholinganisha ni miaka 3 ya kusaga na miaka 8 ya kusaga. Ni sawa na kusema chumba cha miezi 3 ni rahisi kuliko cha miezi 8 kwa kuwa jumla ya kodi ni ndogo. Nyepesi itakapokufa, mahindi yatakuwa bado yanakuja bandani, na itabidi inunuliwe nyingine.

Basi nigawe bei kwa miaka, nijumlishe uendeshaji. Si inatosha?

Hii iko karibu zaidi na ukweli, na ndiyo hesabu ambayo wenye mashine wengi huipiga kichwani. Shilingi 3,000,000 kwa miaka 3 ni 1,000,000 kwa mwaka. Shilingi 7,000,000 kwa miaka 8 ni 875,000. Ongeza uendeshaji, Nyepesi inafika 2,300,000 na Nzito 1,775,000. Nzito inashinda kwa zaidi ya nusu milioni kila mwaka, na mtu anakwenda kukopa.

Kilichosahaulika ni kwamba fedha ina kodi yake. Milioni 7 zilizofungwa kwenye chuma kwa miaka 8 ni milioni 7 ambazo hazifanyi kazi nyingine, au ambazo benki inazidai riba kila mwezi. Kugawa bei kwa miaka kunachukulia kwamba fedha hizo ulipewa bure. Upendeleo huo unaiegemea mashine ya bei kubwa na umri mrefu, na kadiri riba ilivyo juu ndivyo kosa linavyokua. Kwa riba ya asilimia 18, ile tofauti ya zaidi ya nusu milioni inayeyuka mpaka kubaki kama shilingi 63,000, kama tutakavyoona.

Hesabu sahihi inakwendaje?

Bei haigawanywi kwa miaka. Inagawanywa kwa namba ndogo kuliko miaka, na namba hiyo inatokana na riba. Twende polepole na Nyepesi.

Shilingi 1 utakayolipa baada ya mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 18, leo ina thamani ya 1 kugawa kwa 1.18, yaani senti 85 hivi (0.8475). Shilingi ya mwaka wa pili unaigawa kwa 1.18 mara mbili, inakuwa 0.7182. Ya mwaka wa tatu ni 0.6086. Jumlisha hizo tatu upate 2.1743. Hiyo ndiyo namba ya kugawia. Maana yake ni kwamba ahadi ya kulipa shilingi 1 kila mwaka kwa miaka 3 ina thamani ya shilingi 2.17 leo, si shilingi 3.

Kwa hiyo ili kurudisha shilingi 3,000,000 za leo, kila mwaka lazima ulipe 3,000,000 kugawa kwa namba hiyo pamoja na desimali zake zote, ambayo ni shilingi 1,379,772. Ongeza uendeshaji wa 1,300,000 na gharama sawia ya Nyepesi ni shilingi 2,679,772 kwa mwaka.

Kwa Nzito unafanya vilevile hadi mwaka wa nane, na namba ya kugawia inatoka 4.0776. Shilingi 7,000,000 kugawa kwa namba hiyo ni 1,716,711. Ongeza 900,000, unapata shilingi 2,616,711. Nzito inashinda kwa shilingi 63,061 kwa mwaka.

Kama hutaki kujumlisha mwaka mmoja mmoja, kanuni ni hii, ambapo r ni riba na n ni miaka:

```
K = (1 - (1 + r)^(-n)) / r
gharama sawia = bei / K + uendeshaji wa mwaka
```

Nitajuaje kwamba hesabu hii hainidanganyi?

Ihakiki kwa njia ndefu. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 8, ile KDS ya shule ya msingi, ambayo hapa ni 24. Kwa miaka 24 utanunua Nyepesi mara 8 na Nzito mara 3, na zote zitaisha siku moja. Ukirudisha gharama zote hizo kwenye thamani ya leo kwa asilimia 18, mnyororo wa Nyepesi unagharimu kama shilingi milioni 14.61 na wa Nzito milioni 14.26. Mshindi ni yuleyule. Gharama sawia ya mwaka ni njia ya mkato ya kufika hapo bila kuandika mistari 24. Kama umri ungekuwa miaka 7 na 11, njia ndefu ingekudai miaka 77 na ungeichoka mapema.

Ni gharama zipi za uendeshaji niziingize?

Ingiza zile zinazotofautiana kati ya mashine hizi mbili. Mshahara wa msagishaji, kodi ya banda na ushuru wa soko ni vilevile ukinunua yoyote, hivyo ukiviweka au ukiviacha mshindi habadiliki. Ukiviacha, kumbuka tu kwamba shilingi milioni 2.6 si gharama yako yote ya kusaga. Usiichukue ukaenda kupangia nayo bei ya debe.

Kwenye mfano wetu, ile 1,300,000 ya Nyepesi ina umeme wa ziada wa shilingi 500,000, nyundo na chekeche 420,000, beringi na mikanda 230,000, na fundi 150,000. Nzito haina umeme wa ziada. Nyundo na chekeche zake ni 500,000 kwa sababu spea zake ni ghali zaidi, beringi na mikanda 220,000, na fundi 180,000.

Umeme ndio watu hukisia, nao ndio hauhitaji kukisiwa. Nenda kwa mtu mwenye mashine kama ile unayotaka kununua, mwombe usage gunia moja kwa hela yako, na usome mita ya LUKU kabla na baada. Taa na kitu kingine chochote bandani viwe vimezimwa, na mahindi yawe yamekauka vizuri, maana mahindi mabichi yanakula umeme na yatakuharibia kipimo. Tuseme Nyepesi ilitumia yuniti 2.8 kwa gunia na Nzito 2.4. Tofauti ya 0.4 kwa magunia 3,500 ni yuniti 1,400 kwa mwaka. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambaye yuniti moja pamoja na kodi na tozo imekuwa kama shilingi 356, hiyo ni shilingi 498,400. Ndiyo ile 500,000.

Sehemu ya tofauti hiyo hutoka kwenye mota. Mota mpya ya kilowati 15 ya daraja la IE3, ya mizunguko 1,500 kwa dakika, inageuza asilimia 92.1 ya umeme kuwa nguvu, na ya daraja la IE1 asilimia 88.7. Daraja hilo limechapwa kwenye kibati cha mota, kwa hiyo kisome kabla hujalipa. Mota iliyoungua ikasukwa upya kwa waya usio saizi yake hushuka chini ya hapo. Utaijua kwa joto: inachemka haraka ikiwa na mzigo uleule ambao mwenzake anaubeba bila shida.

Nitumie riba ipi? Kila mtu ananiambia yake.

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa, kwa sababu kwenye mfano wetu riba ndiyo inayoamua mshindi. Angalia kinachotokea tukiibadilisha na kuacha mengine yote kama yalivyo.

Kwa asilimia 12, ambayo mwanachama wa SACCOS nzuri anaweza kuipata, Nyepesi inagharimu shilingi 2,549,047 kwa mwaka na Nzito 2,309,120. Nzito inashinda kwa karibu 240,000, na hapo hakuna mjadala. Kwa asilimia 18 tumeona ushindi umebaki 63,061. Kwa asilimia 20 mashine zinafungana, tofauti haifiki hata shilingi mia mbili. Kwa asilimia 24 meza inapinduka: Nyepesi 2,814,155, Nzito 2,946,052, na sasa Nyepesi inaokoa kama 132,000 kila mwaka.

Kwa hiyo watu wawili wenye mabanda jirani wanaweza kununua mashine tofauti na wote wakawa sahihi. Anayekopa kwa bei kubwa ana haki ya kununua kitu cha muda mfupi. Tumezoea kumcheka kwamba anapenda rahisi, na rahisi ni ghali. Kwa riba ya asilimia 24, kwake ghali ndiyo ghali.

Kuwa mwangalifu na riba uliyotajiwa. Mkopeshaji akisema asilimia 18 kwa mwaka, muulize inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo. Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 unaolipwa kwa miezi 12. Riba ikikokotolewa kwenye mkopo wote wa mwanzo ni 540,000, na rejesho ni 295,000 kila mwezi. Lakini hukukaa na milioni 3 mwaka mzima. Kufika mwezi wa sita nusu umeshairudisha, ila riba bado unailipia yote. Riba halisi ya mkopo huo inazidi asilimia 30 kwa mwaka. Ukiingiza 18 kwenye kanuni, Nzito itashinda kwenye karatasi tu.

Mimi sikopi, natumia akiba yangu. Riba yangu si sifuri?

Hapana. Jiulize fedha hiyo ingefanya nini kama usingenunua mashine. Kama kila mwaka unanunua mahindi Julai na kuyauza Februari, ukibakiwa na faida ya asilimia 25 baada ya kutoa magunia, dawa na ghala, basi kila shilingi unayoihamishia kwenye mashine inaacha asilimia 25 nyuma yake. Hiyo ndiyo riba yako. Kama fedha ingelala tu kwenye akaunti ya akiba, riba yako ni ndogo, na Nzito inakufaa zaidi.

Bei zinapanda kila mwaka. Nyepesi ya miaka mitatu ijayo haitakuwa milioni 3.

Kweli, na hesabu tuliyoifanya inaidhulumu Nzito kidogo kwa sababu hiyo. Tumetumia riba ya benki, ambayo ndani yake tayari kuna mfumuko wa bei, huku bei za mashine na spea tukiziacha zisimame kwenye za leo. Kushoto tumehesabu mfumuko, kulia tumeusahau.

Dawa yake ni kuutoa mfumuko kwenye riba pia. Kama riba ni asilimia 18 na unatarajia bei kupanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, gawa 1.18 kwa 1.04 upate 1.1346, yaani riba halisi ya asilimia 13.5 hivi. Usitoe tu 4 kwenye 18. Kwa asilimia 13.5, sehemu ya bei ni shilingi 1,281,367 kwa Nyepesi na 1,483,763 kwa Nzito. Ukijumlisha uendeshaji, Nzito inashinda kwa karibu 198,000 badala ya 63,000. Na ule mpaka wa asilimia 20 tuliouona, nao uusome kama riba halisi: mfumuko ukiwa asilimia 4, ni kama mkopo wa asilimia 24.8. Kwa hiyo yule wa mkopo wa asilimia 24 kwenye salio linalopungua bado yuko karibu sana na mstari, na nisingemshauri aamue kwa hesabu hii peke yake.

Nikija kuuza chuma chakavu, fedha hiyo inaingiaje?

Inapunguza kodi ya mwaka, ila si kwa kuigawa kwa miaka, maana unaipata mwishoni kabisa. Tuseme Nyepesi utaiuza 300,000 baada ya miaka 3, na Nzito 1,000,000 baada ya miaka 8. Macho yanasema Nzito imepata nafuu kubwa zaidi. Kwa riba ya asilimia 18, zile 300,000 za karibu zinapunguza gharama ya Nyepesi kwa 83,977 kila mwaka, wakati milioni nzima ya mbali inaipunguzia Nzito 65,244 tu. Gharama zinakuwa 2,595,794 na 2,551,466, na pengo limebana zaidi. Muuzaji akikuvutia kwa kusema mashine yake "haishuki bei", muulize utaiuza lini.

Mashine ikiharibika na kusimama, hiyo nayo ni gharama?

Ni gharama, nayo hukosekana kwenye daftari kwa sababu hakuna risiti yake. Hesabu faida unayoikosa kwa siku moja ya kusimama, baada ya kutoa umeme ambao hukuutumia. Kama siku moja inakunyima shilingi 30,000, na Nyepesi inasimama siku 6 zaidi ya Nzito kwa mwaka, ongeza 180,000 kwenye uendeshaji wa Nyepesi. Kiasi hicho kinatosha kuirudisha Nzito mbele hata kwa riba ya asilimia 24.

Tatizo ni kuzijua hizo siku. Usimwulize muuzaji, mwulize fundi anayezitengeneza, na umwulize pia spea zinatoka wapi. Nyundo ya mashine nzito inayoagizwa kutoka mji wa mbali inaweza kukusimamisha siku 4 kwa kitu ambacho kwa Nyepesi kinauzwa duka la jirani. Yaani hesabu inaweza kugeuka upande wa pili pia.

Nasaga msimu tu, kama nusu ya magunia hayo. Jibu ni lilelile?

Silo. Uendeshaji unafuata magunia, kwa hiyo ukisaga 1,750 ile nafuu ya 400,000 ambayo Nzito inakupa kila mwaka inashuka hadi 200,000. Lakini kodi ya fedha haijui kama mashine inazunguka au imefunikwa turubai. Kwa asilimia 18, sehemu ya bei ya Nzito inazidi ya Nyepesi kwa karibu 337,000 kwa mwaka, na nafuu ya 200,000 haiwezi kuifuta.

Kuna jambo lingine hapa. Ile "miaka 3" ya Nyepesi ilikuwa miaka ya magunia 3,500, yaani magunia kama 10,500 ya uhai. Ukisaga nusu, huenda ikafika miaka 5, na sehemu yake ya bei ikashuka kutoka 1,379,772 hadi 959,334. Nzito nayo itarefuka, lakini kurefusha miaka 8 hakushushi kodi sana, kwa sababu miaka ya mbali ina uzito mdogo kwa riba ya asilimia 18. Kwa hiyo muuzaji akikutajia umri wa mashine, mwombe autaje kwa saa au kwa magunia, kisha ugeuze mwenyewe kuwa miaka yako.

Mkataba wangu wa banda unaisha baada ya miaka 3 na sitaendelea. Naitumiaje hesabu hii?

Usiitumie. Gharama sawia ya mwaka ina sharti lililojificha ndani: kwamba mashine ikifa utanunua nyingine kama hiyo, na kazi itaendelea. Kama kazi inaisha baada ya miaka 3, linganisha miaka 3 kwa miaka 3.

Nyepesi kwa miaka hiyo ni shilingi 5,826,555 kwa thamani ya leo. Nzito ni bei yake pamoja na uendeshaji wa miaka 3, jumla 8,956,846, ukitoa thamani ya leo ya bei utakayoiuzia. Ili zifungane, Nzito lazima iuzwe kama shilingi milioni 5.14 ikiwa na umri wa miaka 3. Sasa swali limekuwa jepesi: je, kuna mtu atakupa fedha hiyo? Zunguka sokoni uliza mashine kama hiyo iliyotumika inauzwaje leo. Sharti hilohilo linavunjika pia kama unatarajia teknolojia kubadilika, mfano unangoja umeme ufike kijijini na kwa sasa unachagua injini mbili za dizeli. Hapo mashine ya muda mfupi ina thamani ambayo kanuni haiioni, kwani inakuacha huru kubadili.

Kuna njia ya kuipiga kwenye simu au kompyuta?

Programu yoyote ya majedwali ina fomula inayoitwa PMT. Unaanza na riba, kisha miaka, kisha bei ikiwa na alama ya kutoa. Bei ya kuuzia chakavu, kama ipo, inakuja ya nne:

```
=PMT(18%,3,-3000000)+1300000
=PMT(18%,8,-7000000)+900000
=PMT(18%,3,-3000000,300000)+1300000
```

Mistari miwili ya kwanza itakupa 2,679,772 na 2,616,711. Ukipata namba hasi, umesahau ile alama ya kutoa mbele ya bei. Ukipata namba ndogo ya ajabu kwa sehemu ya bei, huenda umeweka riba ya mwezi pamoja na miaka. Riba ya mwezi huenda na miezi, riba ya mwaka huenda na miaka.

Kama uendeshaji haulingani kila mwaka, kwa mfano mwaka wa kwanza spea ni chache na mwaka wa tatu ni nyingi, usichukue wastani wa kawaida. Rudisha kila mwaka kwenye thamani ya leo, jumlisha na bei, kisha ugawe jumla yote kwa namba ya kugawia.

Kodi ya mapato inabadilisha chochote?

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Tanzania anayelipa kodi ya makadirio kulingana na mauzo, haibadilishi. Mauzo ni yaleyale kwa mashine zote mbili, hivyo kodi ni ileile. Kwa kampuni inayotozwa kodi kwenye faida, uchakavu na spea vinapunguza kodi, na hapo mwachie mhasibu afanye hesabu baada ya kodi.

Tayari nina mashine ya zamani bandani. Niitupe lini?

Hapa watu hugombana na bei waliyonunulia. "Niliinunua milioni 4, siwezi kuiacha." Milioni 4 imekwenda, haiingii popote. Kinachoingia ni vitu vitatu: ungeiuza leo kwa shilingi ngapi, mwakani itauzwa ngapi, na mwaka huo mmoja itakula ngapi.

Tuseme leo inauzwa 400,000, mwakani itauzwa 100,000 kama chuma, na fundi anakadiria mwaka mmoja zaidi utakula 2,100,000 za spea, ufundi na umeme wa ziada. Kuibakiza kunakunyima 400,000 za leo, ambazo kwa asilimia 18 ni 472,000 mwisho wa mwaka. Toa 100,000 utakayopata, ongeza 2,100,000. Mwaka huo mmoja unagharimu 2,472,000. Nzito mpya ingekugharimu 2,616,711 kwa mwaka. Kaa na ya zamani.

Mwakani rudia hesabu hiyohiyo kwa bei za wakati huo. Kama fundi angesema 2,300,000 badala ya 2,100,000, mwaka huo ungegharimu 2,672,000, na ungekuwa wakati wa kutafuta mnunuzi kabla beringi hazijamwambia mwenyewe.